Kusoma kasi ya mmenyuko kwenye picha ya jedwali

Wanafunzi wa kemia wa kidato cha tano na sita hutumiana picha za madaftari kwa simu karibu kila jioni, na mojawapo ya picha zinazozunguka sana ni jedwali la majaribio ya kasi ya awali. Picha yenyewe mara nyingi imepigwa kwa haraka: kivuli cha mkono kimeangukia pembeni, namba moja imefifia, ukingo wa kulia umekatwa. Chini ya jedwali kuna swali fupi: tafuta daraja la mmenyuko kwa kila kemikali, kisha tafuta k. Kazi hiyo inawezekana kabisa, na picha mbaya inaweza hata kukufundisha jambo ambalo jedwali safi la kitabuni halifundishi, yaani jinsi ya kujua kama namba uliyoisoma ndiyo iliyoandikwa.

Tuchukue mmenyuko unaofanywa na shule nyingi, wa persalfeti na iodidi. Ioni ya persalfeti, S₂O₈²⁻, huinyang'anya iodidi elektroni, na iodini huzaliwa. Ndani ya chupa huwekwa pia wanga na thiosalfeti kidogo. Kila iodini inapotokea, thiosalfeti huimeza papo hapo, kwa hiyo maji yanabaki meupe. Thiosalfeti ikiisha tu, iodini inayofuata hukutana na wanga na mchanganyiko mzima hugeuka bluu iliyokolea kwa ghafla. Mwanafunzi anabonyeza saa wakati wa kuchanganya, na anaibonyeza tena bluu inapotokea.

Muda huo ndio unaogeuzwa kuwa kasi. Kila persalfeti moja huzaa iodini moja, na kila iodini humezwa na thiosalfeti mbili. Kama thiosalfeti kwenye mchanganyiko ilikuwa 0.0010 mol/L, basi mpaka bluu itokee persalfeti iliyotumika ni nusu yake, 0.0005 mol/L. Gawa kwa sekunde, unapata kasi. Tena ni kasi ya awali kwelikweli, maana katika chupa yenye persalfeti 0.040 mol/L, kilichotumika ni kama asilimia 1.25 tu. Mchanganyiko haujapungukiwa kiasi cha kubadilisha hesabu, na hapo ndipo uzuri wa njia hii ulipo: tunajua ukolezi wa kila kitu kwa sababu tumeuweka wenyewe, na mmenyuko haujapata nafasi ya kuuharibu. Mdachi Jacobus van 't Hoff aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901 aliandika juu ya kasi za mimenyuko katika kitabu chake cha mwaka 1884, na wanafunzi wa leo bado wanatembea kwenye njia hiyo.

Haya ndiyo yaliyomo kwenye picha yetu. Namba zimeandaliwa kwa mfano, lakini zinafanana na zile zinazopatikana kwenye joto la kawaida la chumba.

| Jaribio | [S₂O₈²⁻] mol/L | [I⁻] mol/L | v (10⁻⁵ mol/L kwa sekunde) |
|---|---|---|---|
| 1 | 0.040 | 0.040 | 0.97 |
| 2 | 0.080 | 0.040 | 1.92 |
| 3 | 0.080 | 0.080 | 3.85 |
| 4 | 0.060 | 0.?20 | 4.35 |

Anza kwa kutafuta mistari miwili ambayo kemikali moja tu imebadilika. Kati ya jaribio la 1 na la 2, iodidi imebaki 0.040 na persalfeti imeongezwa mara mbili. Kasi imetoka 0.97 hadi 1.92, karibu mara mbili. Kwa hiyo kasi inafuata persalfeti sawa kwa sawa, na daraja lake ni 1. Kama kasi ingepanda mara nne, daraja lingekuwa 2. Kama isingebadilika, lingekuwa 0. Kati ya jaribio la 2 na la 3, persalfeti imetulia na iodidi imeongezwa mara mbili. Kasi imetoka 1.92 hadi 3.85, tena mara mbili. Daraja la iodidi nalo ni 1.

Hapa wengi hushtuka, kwa sababu mlinganyo wa mmenyuko unasema persalfeti moja hutumia iodidi tatu:

S₂O₈²⁻ + 3I⁻ → 2SO₄²⁻ + I₃⁻

Mwanafunzi anayenakili ile 3 na kuifanya kipeo cha iodidi atakuwa amekosea, na jedwali litamkana. Angetarajia kasi ipande mara nane, lakini imepanda mara mbili. Mlinganyo unahesabu kilichotumika mwanzo hadi mwisho. Daraja linahusu hatua ile ya polepole inayoshikilia kasi ya safari yote, na hapa hatua hiyo ni kukutana kwa persalfeti moja na iodidi moja. Iodidi nyingine huingia baadaye, katika hatua za haraka ambazo saa haizioni. Ndiyo maana daraja hutafutwa maabara, na karatasi ya mlinganyo haiwezi kukupa.

Uwiano ukikataa kuwa namba nzima inayotambulika, tumia logi: gawa logi ya uwiano wa kasi kwa logi ya uwiano wa ukolezi. Kwa mistari ya 1 na 2, uwiano wa kasi ni 1.98, wa ukolezi ni 2, na jibu ni 0.985. Hiyo ni 1 yenye vumbi la vipimo. Lakini ukipata 1.5, usiivute kwa nguvu iwe 1 au 2. Kuna mimenyuko halisi yenye madaraja ya nusu, na kuna majedwali yaliyosomwa vibaya. Itakubidi ujue umekutana na lipi.

Sasa k. Sheria ya kasi ni v = k[S₂O₈²⁻][I⁻], kwa hiyo k ni kasi iliyogawanywa kwa zao la ukolezi wa hizo mbili. Jaribio la 1 linatoa 0.0000097 ÷ (0.040 × 0.040), yaani 0.00606. Jaribio la 2 linatoa 0.00600. La 3 linatoa 0.00602. Kizio chake ni L/(mol·s), na hakikaririwi: kinatoka kwenye hesabu ileile, mol/L kwa sekunde ikigawanywa kwa mol/L mara mbili. Daraja la jumla likibadilika, kizio kitabadilika pia, na kizio kisichooana na sheria yako ya kasi ni ishara kwamba mahali fulani umeteleza.

Wengi huhesabu k kwa mstari mmja wakaridhika. Ihesabu kwa kila mstari, kwa sababu k ndiyo mkaguzi wa picha. Angalia jaribio la 4, ambapo kivuli kimefunika tarakimu moja. Macho yanaweza kuona 0.020. Ukiitumia, k inakuwa 0.036, mara sita ya zile nyingine. Namba thabiti haiwezi kuruka hivyo ndani ya jedwali moja lililopimwa kwenye joto moja. Geuza hesabu: kwa k ya 0.0060, persalfeti 0.060 na kasi 4.35 × 10⁻⁵, iodidi inapaswa kuwa karibu 0.121. Rudi kwenye picha, ikuze, ongeza mwanga, na utaona kwamba tarakimu iliyofunikwa inaweza kabisa kuwa 1. Ukisoma 0.120, k ni 0.00604, na mistari yote minne inakubaliana.

Lakini hapa pana mpaka ambao mtu mwaminifu haruki. Hesabu imekuonyesha mahali pa kutazama upya. Haijakupa ruhusa ya kuandika namba unayoipenda. Muulize aliyepiga picha, au mwombe apige nyingine. Kama daftari linasema 0.020 kwa wino ulio wazi, basi iache ilivyo, kisha uandike kwamba jaribio la 4 halikubaliani na mengine. Huenda aliyepima alikosea kunakili, huenda alikosea kuchanganya, na ni yeye anayeweza kujua.

Kosa lingine ni la hatari zaidi kwa sababu mkaguzi wetu halioni. Ni kipeo kilicho kwenye kichwa cha safu. Alama ndogo ya 10⁻⁵ ikififia na kusomeka 10⁻⁶, kila kasi itapungua mara kumi kwa pamoja. Uwiano kati ya mistari hautabadilika hata kidogo, kwa hiyo madaraja yatatoka sahihi. Thamani za k nazo zitakubaliana vizuri, zote zikiwa na kosa lilelile. Vichwa vingine vimeandikwa 10⁵v, na hapo 0.97 bado ina maana ya 0.97 × 10⁻⁵, lakini msomaji mwenye haraka huzidisha badala ya kugawa.

Dawa yake iko nje ya jedwali, kwenye saa. Omba ile safu iliyokatwa na ukingo wa picha, safu ya muda. Kwa kasi ya 0.97 × 10⁻⁵, bluu inapaswa kutokea baada ya 0.0005 ÷ 0.0000097, yaani sekunde 51.5. Kama kipeo kingekuwa 10⁻⁶, darasa lingesubiri zaidi ya dakika nane na nusu kwa jaribio la kwanza. Aliyekuwepo maabara hawezi kuchanganya hayo mawili.

Omba pia joto. k ya mmenyuko huu huongezeka karibu mara mbili joto likipanda nyuzi 10, kwa hiyo k isiyoandikiwa joto haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine. Maabara iliyopima mistari miwili asubuhi na miwili mchana wa jua kali itapata k zilizogawanyika makundi mawili, na hakuna namba yoyote kwenye picha itakayokuwa imesomwa vibaya.

Sura ya tofauti yenyewe ina habari. Mstari mmoja ukiruka peke yake kwa mara sita au mara kumi, shuku tarakimu. Lakini k ikipanda taratibu kadiri chupa zinavyokuwa na kemikali nyingi zaidi, shuku chumvi. Persalfeti na iodidi zote zina chaji hasi na hufukuzana. Ioni nyingine zikijaa kwenye maji, ufukuzanaji huo hupungua na mmenyuko huenda kasi zaidi. Ndiyo maana maabara makini hawajazii chupa pungufu kwa maji matupu. Pale panapopunguzwa iodidi ya potasiamu huongezwa naitreti ya potasiamu, na panapopunguzwa persalfeti ya potasiamu huongezwa salfeti ya potasiamu, ili jumla ya ioni ibaki ileile katika chupa zote. Kama maelezo ya jaribio yaliyo juu ya jedwali hayataji chumvi hiyo, na k zako zinapanda kutoka chupa nyepesi hadi chupa nzito, picha umeisoma sawasawa na tatizo liko kwenye chupa.