Tazama Mistari ya Mpira

Anayejifunza kurusha mpira wa kikapu kwa kawaida hutazama jambo moja tu: umeingia au haukuingia. Lakini mpira ukiwa hewani huonyesha mengi zaidi kwa mistari yake myeusi. Ukirushwa vizuri, husonga mbele huku mistari ikizunguka kurudi upande wa mrushaji, wima, bila kulalia kushoto wala kulia.

Mzunguko huo una kazi. Mpira ukigusa ringi, msuguano hupunguza mwendo wake wa kwenda mbele, ukaelekea kudondokea karibu na wavu. Usiozunguka hudunda mbali.

Mzunguko huzaliwa vidoleni. Laza mpira juu ya vidole, katikati ya kiganja pabaki na uwazi mdogo. Unapourusha, kifundo cha mkono kilichokunjwa nyuma hufyatuka mbele, na vidole vya shahada na cha kati huwa vya mwisho kuugusa. Kisha acha mkono juu, umenyooka, vidole vimeinamia ringi, hadi mpira ufike. Ni kweli kwamba mpira ukishatoka hauwezi kuuongoza tena. Ila anayezoea kuuacha mkono juu hakatishi mwendo wake kabla mpira haujatoka.

Sasa mchukue kijana anayetumia mkono wa kulia, amesimama kwenye mstari wa mtupo huru, takriban mita 4.2 kutoka katikati ya ringi. Kila mara mpira wake unapita kushoto. Mtazame kiwiko: kimetanuka nje, kwa hiyo mkono unasukuma mpira ukikata kwenda kushoto. Kosa la nyuzi 3 tu humhamisha sentimita 22, na hapo katikati ya mpira iko juu ya ukingo wa ringi. Akiweka kiwiko chini ya mpira na kukielekeza kwenye ringi, njia inanyooka. Kama mpira ungepita kulia huku mistari ikizunguka kiubavu, ningeshuku kwanza dole gumba la mkono wa kushoto. Mkono huo ni wa kushikilia tu, usisukume.

Mpira unaopungua au kuzidi urefu ni suala la miguu. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, wa kulia mbele kidogo, magoti yamekunjwa. Ruka juu na utue karibu palepale. Ukitua mbali mbele au ubavuni, mwili ulikuwa ukikimbia wakati mkono unarusha.

Anza mita moja na nusu kutoka kwenye ringi, kwa mkono mmoja, bila kuruka. Usirudi nyuma hata hatua moja kabla mistari haijazunguka wima mara kwa mara. Wanaokimbilia mstari wa pointi tatu mapema hulazimika kusukuma mpira kwa bega, na kiwiko hutanuka tena.