Spika ya Alfajiri: Jirani Aombe Nini Msikitini?

Jirani anayeamshwa na spika ya msikiti saa kumi na nusu alfajiri huwaendea wazee na ombi moja: "Tafadhali, punguzeni sauti." Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti, na nimeona ombi hilo likikubaliwa kwa moyo mweupe, kisha baada ya wiki mbili sauti inarudi palepale. Waumini wa mbali wamesema hawasikii adhana, na muadhini amepandisha tena.

Chukua nyumba iliyo mita 20 kutoka kwenye mnara, dirishani sauti ikifika desibeli 85. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6 hivi, kwa hiyo aliye mita 160 anapata 67. Mchana, kwa magari na kelele za soko, hizo 67 anazihitaji. Alfajiri mtaa umetulia, na hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, hali inayoipinda sauti irudi ardhini na kufika mbali zaidi. Kitasa cha amplifaya kikibaki pale kilipokuwa adhuhuri, wa mbali anapata ziada na wa karibu anashtuka kitandani. Ukiondoa desibeli 10, sikio huona sauti imepungua kama nusu, na wa mita 160 bado anabaki na 57, zinazomtosha katika utulivu ule. Basi omba kitasa kiwekwe alama mbili, ya mchana na ya alfajiri, ili kila muadhini azifuate.

La pili ni mwelekeo. Spika ya honi husukuma sauti kali mbele yake. Aliye pembeni hupata sauti hafifu zaidi. Ikiwa mdomo wa spika unatazama dirisha la ghorofa yako, kuigeuza kidogo kunaweza kukusaidia kuliko kushusha kitasa.

La tatu ndilo zito kwangu. Adhana ni dakika chache. Kinachochosha mara nyingi ni kisomo na darasa vinavyotolewa nje kwa muda mrefu. Omba spika za nje ziwe na swichi yake, zizimwe adhana ikiisha, za ndani ziendelee. Ombi hili halina dharau kwa dini: mwaka 2021 Saudi Arabia iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na ikama tu, na sauti isizidi theluthi moja ya uwezo wa kifaa.

Nenda kwa imamu au katibu wa kamati baada ya sala, umsalimie, useme wewe ni jirani na hutaki adhana inyamazishwe. Programu ya simu ya kupima desibeli hukosea, kwa hiyo usiigeuze ushahidi. Mwalike mzee mmoja asimame dirishani kwako alfajiri, mwenzake akiadhini, wakubaliane kwa simu mahali pa kuweka alama.