Kilo tano za karanga na pakiti za robo tatu

Mbele yako kuna kilo 5 za karanga za kukaanga, na unataka kuzifunga katika pakiti za robo tatu ya kilo. Utapata pakiti ngapi? Shuleni tulifundishwa tugeuze sehemu ya pili juu chini, kisha tuzidishe: 5 ÷ 3/4 inakuwa 5 × 4/3, na jibu ni 20/3, yaani 6 na 2/3. Wengi wetu tuliikariri kanuni hiyo tukafaulu nayo mitihani bila kuambiwa kwa nini tunageuza. Sababu yenyewe inaonekana kwenye mizani.

Acha kanuni kwanza, uzipime karanga zote robo robo. Kila kilo inatoa robo 4, kwa hiyo kilo 5 zinatoa robo 20. Hapo tumezidisha kwa 4, ile namba ya chini katika 3/4, ambayo walimu huiita asili. Sasa kila pakiti inachukua robo 3, basi tunazigawanya zile robo 20 kwa 3, ile namba ya juu, yaani kiasi. Kuzidisha kwa 4 kisha kugawanya kwa 3 ndiko kuzidisha kwa 4/3. Asili imepanda juu kwa sababu inatuambia kila kilo inatoa vipande vingapi, na kiasi kimeshuka chini kwa sababu kinatuambia kila pakiti inakula vipande vingapi.

Hata hiyo 4/3 ina maana yake. Kilo moja ya karanga inajaza pakiti moja nzima, na robo inayobaki ni theluthi ya pakiti ya pili. Kwa hiyo 4/3 ni idadi ya pakiti zinazotoka katika kilo moja. Ukiwa na kilo 5, unazidisha idadi hiyo kwa 5, basi. Ndiyo maana pia jibu limezidi 5, jambo linalowatatiza watoto waliozoea kuona kugawanya kukipunguza. Pakiti ikiwa ndogo kuliko kilo, lazima pakiti ziwe nyingi kuliko kilo. Mtoto akigeuza 5 badala ya 3/4, atapata 3/20, na hapo mwulize tu: kilo tano nzima zimeshindwa kujaza hata pakiti moja?

Sasa tazama kinachobaki mezani, maana hapa hata watu wazima hukosea. Pakiti 6 zimekula robo 18, na zimebaki robo 2, yaani nusu kilo. Lakini hesabu inasema 2/3. Hakuna kosa. Ile 2/3 ni ya pakiti, si ya kilo: pakiti inataka robo 3, nawe unazo 2. Anayemwambia mteja kwamba zimebaki theluthi mbili za kilo amesoma jibu sahihi kwa kipimo kisicho chake.

Namba mchanganyiko, zile zenye nzima pamoja na sehemu, zina mtego wao. Chukua mkeka wenye urefu wa mita 2 1/2 na upana wa mita 1 1/2. Mwanafunzi mwenye haraka huzidisha nzima kwa nzima, sehemu kwa sehemu: 2 × 1 ni 2, 1/2 × 1/2 ni 1/4, jumla 2 1/4. Utandike mkeka huo sakafuni uone alichosahau. Kuna eneo la mita 2 kwa 1, na pembeni kabisa kipande cha nusu kwa nusu. Lakini ubavuni kuna ukanda wa mita 2 kwa nusu, ambao ni 1, na kichwani kuna ukanda wa nusu kwa mita 1, ambao ni 1/2. Vyote vinne vinatoa mita za mraba 3 3/4.

Ili usiache ukanda wowote, vunja kila namba iwe vipande vitupu kabla ya kuzidisha. Mita 2 1/2 ni nusu 5, na 1 1/2 ni nusu 3. Kisha 5/2 × 3/2 ni juu kwa juu, chini kwa chini: 15/4, yaani 3 3/4. Ile 4 ya chini imetokea kwa sababu nusu ya nusu ni robo, na mkeka wote una vipande 15 vya robo.

Kugawanya kunataka utaratibu huo huo. Kilo 7 1/2 katika pakiti za kilo 1 1/4 ni 15/2 ÷ 5/4, yaani 15/2 × 4/5, na 60/10 ni pakiti 6. Geuza baada ya kuvunja, si kabla. Anayegeuza ile 1/4 peke yake na kuiacha 1 mahali pake anapata 1 na 4/1, ambayo ni 5, namba isiyohusiana na pakiti hizo.

Ukitaka kuhakikisha, rudisha karanga gunia­ni kwa kuzidisha. Pakiti 6 na 2/3 ni 20/3. Zidisha kwa 3/4, upate 60/12, na hizo ni kilo 5 zile zile ulizoanza nazo.