Kurasa Ishirini, Jalada Ndani au Nje?

Barua yenyewe huwa fupi. Mkuu wa shule anaandika kwa mchapaji: "Tunaomba bei ya kutuchapishia kijitabu cha kuitambulisha shule yetu, kurasa 20, za rangi, karatasi nzuri, nakala za kutosha, tunavihitaji kabla ya mahafali." Anaipeleka kwa wachapaji watatu, anarudishiwa bei tatu, na ya juu ni karibu mara mbili ya ya chini. Kamati ya manunuzi inachagua ya chini. Wiki chache baadaye vinafika vijitabu vyembamba, picha ya upande mmoja inaonekana upande wa pili, na kila mtu anamlaumu mchapaji.

Mchapaji hana kosa. Barua haikumwambia kitu cha kuchapisha, akajaza mapengo mwenyewe, na kwa kuwa anashindania bei, ameyajaza kwa kitu cha bei rahisi. Wale wengine wawili walijaza kwa namna yao. Hivyo kamati ililinganisha vitu vitatu tofauti ikidhani inalinganisha bei tatu za kitu kimoja.

Tuchukue mfano wa sekondari ya wasichana ya bweni iliyoko Njombe, inayotaka kijitabu cha kuwapa wazazi siku ya mahafali ya kidato cha nne tarehe 3 Oktoba. Wakati huo ndio wazazi wa darasa la saba wanatafuta shule, kwa kuwa mtihani wa Septemba umekwisha na kidato cha kwanza huanza Januari. Mchapaji yuko Dar es Salaam, kilomita kama 700 kutoka shuleni. Mkuu akiandika vizuri, barua yake itasomeka hivi:

YAH: MAOMBI YA BEI NA UCHAPAJI WA KIJITABU CHA SHULE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tunaomba bei ya kijitabu chenye maelezo yafuatayo. Ukubwa ni A5, wima. Kurasa za ndani ni 16, na jalada ni kurasa 4 zaidi, jumla kurasa 20. Kurasa zote ni za rangi kamili, pamoja na ndani ya jalada. Karatasi ya ndani iwe nyororo isiyong'aa, ya gramu 130. Jalada liwe la karatasi nyororo ya gramu 250, lipakwe plastiki kwa nje. Kijitabu kipigwe pini mbili mgongoni. Idadi ni nakala 1,000. Tunaomba pia bei ya nakala 700 kwa kulinganisha.

Bei ioneshe kodi ya ongezeko la thamani, maboksi na usafiri hadi Njombe. Tunaomba bei kabla ya tarehe 24 Agosti. Tukikubaliana, tutakabidhi maandishi na picha zote tarehe 31 Agosti. Prufu ya karatasi itufikie tarehe 7 Septemba, nasi tutairudisha ikiwa na saini ndani ya siku mbili. Mzigo ufike shuleni si zaidi ya tarehe 25 Septemba. Tutalipa nusu baada ya kutia saini prufu, na nusu baada ya kupokea na kukagua mzigo.

Barua yote haizidi ukurasa mmoja. Sasa tuone kwa nini kila neno limewekwa.

Penye ugomvi mwingi ni hesabu ya kurasa. Kijitabu cha pini hutengenezwa kwa karatasi zinazokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5: mbili mbele, mbili nyuma. Kwa hiyo kijitabu cha namna hii huwa na kurasa 8, 12, 16, 20 au 24, wala hakiwezi kuwa na 18. Mkuu akileta maandishi ya kurasa 18, mchapaji ataacha kurasa mbili tupu au atabana maandishi yaingie kwenye 16, na herufi zitakuwa ndogo hata bibi wa mwanafunzi asiweze kuzisoma. Ni afadhali mkuu aamue mwenyewe, kabla ya barua kuondoka, kipi kiongezwe au kipi kipunguzwe. (Kwa kawaida kinachopunguzwa bila hasara ni neno la mkuu wa shule.)

Kisha lipo swali la jalada. Aliyeandika "kurasa 20" bila kufafanua amefungua milango miwili. Mchapaji mmoja atahesabu kurasa 16 za ndani na nne za jalada. Mwingine atahesabu 20 za ndani, kisha ataongeza jalada, jumla 24. Wote wawili wameisoma barua sawasawa. Wa tatu, mjanja zaidi, atachapa kurasa zote 20 kwa karatasi moja nyembamba, jalada likiwa la karatasi ileile ya ndani, na hapo bei yake itawashinda wenzake wote. Ndiyo maana barua yetu inasema "16 za ndani, na jalada 4 zaidi".

Namba hiyo 16 ina faida nyingine isiyoonekana na mteja. Kurasa nane za A5 hujaza upande mmoja wa karatasi ya A2, na nane nyingine hujaza upande wa pili. Mashine yenye uwezo wa karatasi hiyo huchapa ndani yote ya kijitabu kwenye karatasi moja, kisha ikakunjwa na kukatwa. Ukitaka kurasa 20 za ndani, zile nne za ziada zinadai pleti zake na mzunguko wake wa mashine. Kurasa nne hizo zinaweza kukugharimu kuliko ulivyotarajia, na mteja mwenye busara humuuliza mchapaji mapema mashine yake inabeba karatasi ya ukubwa gani.

Kuhusu karatasi, maneno "nzuri" na "ngumu" hayapimiki. Kinachopimika ni gramu, yaani uzito wa karatasi hiyo ikiwa na eneo la mita moja ya mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisini ni ya gramu 80. Ukichapa picha za rangi pande zote mbili, sura ya upande wa pili inajitokeza. Gramu 130 inazuia hilo na bado inakunjika vizuri. Kwa jalada, 250 inatosha. Wapo wanaotaka 300 ili lionekane la fahari, lakini karatasi nzito hupasuka rangi kwenye mkunjo isipofinywa mstari kwanza, na kijitabu chembamba chenye jalada zito hakitulii kikifungwa, hubaki kimeachama. Kung'aa au kutong'aa ni suala la macho zaidi, ingawa maandishi marefu husomeka kwa raha kwenye karatasi isiyong'aa, hasa chini ya taa.

Idadi nayo ina hesabu yake. Kabla nakala ya kwanza haijatoka, mchapaji ameshatengeneza pleti, amepanga mashine na ameharibu karatasi kadhaa akitafuta rangi. Gharama hiyo haibadiliki, uchape 100 au 5,000. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba maandalizi yanakula shilingi 800,000, na kila nakala inakula 1,200 za karatasi, wino na kufunga. Nakala 1,000 zitakuwa shilingi 2,000,000, yaani 2,000 kila moja. Nakala 700 zitakuwa 1,640,000. Mkuu anaona ameokoa shilingi 360,000. Lakini zikimwishia Novemba, akarudi kuomba 300 zilizobaki, zitamgharimu 1,160,000, na jumla yake itakuwa 2,800,000 kwa nakala zilezile elfu moja. Kwa nakala chache sana, mia moja au mia mbili, mashine za kidijitali zisizotumia pleti huwa nafuu zaidi, na barua inapaswa kuuliza.

Hoja ya kupunguza idadi mara nyingi ni ada: kijitabu kikitaja ada ya mwaka huu, mwakani kimechakaa. Suluhisho ni kuiondoa ada kwenye kijitabu. Ichapwe kwenye karatasi moja ya A5, hata kwa mashine ya shuleni, ichomekwe ndani. Vivyo hivyo tarehe za usaili, namba za akaunti na orodha ya mahitaji ya bweni. Namba za akaunti na orodha hiyo ni za maelekezo ya kujiunga, hupewa aliyekwisha kuchaguliwa. Kijitabu kilichobaki na historia, masomo, mazingira na taratibu za shule kinaweza kutumika miaka miwili, na nakala 1,000 hazitakuwa nyingi.

Tarehe ya mwisho ndiyo inayoandikwa kwa uzembe kuliko yote. "Kabla ya mahafali" si tarehe. Mkuu wetu ameanza na tarehe 3 Oktoba, akarudi nyuma wiki moja kwa ajili ya dharura ya usafiri, akapata 25 Septemba. Kuanzia prufu irudi tarehe 9, mchapaji ana siku kumi za kazi za kuchapa, kukauka, kukunja, kupiga pini na kukata, kisha siku mbili za basi au lori. Angalia kwamba barua imeifunga shule pia. Ucheleweshaji mwingi huanzia shuleni: historia haijaandikwa, picha ya bodi haijapatikana, makamu mkuu yuko safarini na prufu. Picha zenyewe zitumwe kama faili kamili. Zikipitishwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguzwa, na picha iliyoonekana safi kwenye simu hutoka na ukungu ikijaza ukurasa.

Prufu iwe ya karatasi, kwa kuwa rangi ya kioo cha simu si rangi ya wino. Sweta la kijani kibichi laweza kutoka karibu na bluu. Isomwe na watu wawili, majina na namba za simu zikipigiwa moja moja. Saini ikishawekwa, kosa lililomo ni la shule.

Mzigo ukifika Njombe, uwe na uzito wa kilo kama 48, na ukaguzi wa karatasi hauhitaji mtaalamu. Kijitabu cha kurasa 16 za gramu 130 na jalada la gramu 250 kina uzito wa gramu 48 hivi, kwa hiyo nakala kumi ziwe na gramu zisizopungua 480 kwenye mizani ya jikoni. Kama ndani imewekwa karatasi ya gramu 100, mizani itasoma karibu 405. Pima nakala kumi kutoka maboksi tofauti, hesabu maboksi, kisha ndipo uidhinishe nusu ya pili ya malipo na kudai risiti.