Lugha Tatu katika Ramani Moja: Sauti ya Kuelekeza Njia na Majina ya Mahali

Makala haya yanaeleza namna programu ya ramani ya simu inavyotumia lugha, hususan pale ambapo programu imewekwa katika lugha moja na msafiri anataka kuelekezwa njia kwa lugha nyingine, tena bila mtandao. Mfano unaotumiwa ni programu ya OsmAnd, inayotegemea data za OpenStreetMap, katika simu zinazotumia mfumo wa Android.

Yafaa kubainisha kwanza kwamba programu hii haina lugha moja bali tatu. Ipo lugha ya skrini, yaani ya menyu na vitufe. Ipo lugha ya majina yanayoandikwa juu ya ramani, ambayo huchaguliwa penye Configure map, kisha Map language. Na ipo lugha ya sauti, ambayo huchaguliwa katika mipangilio ya urambazaji, penye Voice prompts. Kubadili moja hakulazimu nyingine kubadilika. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kubakiza menyu zake za Kiingereza na bado akaelekezwa kwa Kiswahili.

Sentensi anayoisikia msafiri nayo hutungwa kutokana na vyanzo viwili. Kiunzi chake, kwa mfano “baada ya mita 200, geuka kushoto”, hutoka katika faili la tafsiri la lugha ya sauti. Jina la barabara hutoka katika ramani. Vyote viwili hukabidhiwa injini ya usemi ya simu yenyewe, nayo ndiyo inayotamka. Hapa ndipo wengi hukwama. Ramani ya Tanzania ikishapakuliwa, msafiri hudhani yuko tayari, kumbe sauti ya Kiswahili ni mali ya injini, si ya ramani, na isipokuwamo ndani ya simu mtandao ukikatika hakuna wa kuitamka. Sauti hiyo hupakuliwa peke yake, katika mipangilio ya simu, penye Text-to-speech output. Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kuzima mtandao wote kabla ya kutoka nyumbani, kupanga njia, kisha kuanzisha safari ya majaribio kwa Simulate navigation na kusikiliza.

Tuchukue safari ya kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, kwenda Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopo Chang'ombe. Msafiri akishika Nyerere Road kutoka mjini, hufika mahali pa kugeuka kushoto na kuingia Chang'ombe Road. Sauti ikiwa ya Kiingereza, kiunzi kitasikika vizuri, lakini jina litasomwa kwa kanuni za maendelezo ya Kiingereza, ambayo haina desturi ya kutumia ritifaa kuonyesha sauti ya king'ong'o. Katika Kiswahili ritifaa hiyo si pambo. Ndiyo inayotenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, ambayo ndani yake mna kipasuo. Dereva mgeni asikiaye jina lililovunjwa vipande viwili hawezi kulilinganisha na kibao kilicho mbele yake, na njia panda haimngoji.

Kuchagua sauti ya Kiswahili hutibu nusu ya tatizo. Jina Chang'ombe sasa lina nafasi nzuri ya kutamkwa sawasawa, lakini neno Road linaweza kusomwa herufi kwa herufi kama neno la Kiswahili, kwa kuwa ndivyo barabara nyingi za jiji hilo zilivyoandikwa katika data. Kasoro hii hustahimilika, maana jina lenyewe linasikika. Kasoro nzito zaidi ni pale mchoraji wa ramani anapoacha ritifaa na kuandika Changombe. Hapo hata sauti bora ya Kiswahili itatamka ng ya ngoma, nayo haina kosa, imesoma kilichoandikwa.

Ni muhimu basi kutofautisha makosa kwa chanzo chake. Kimya kitupu, huku mishale ikiendelea kuonekana, kwa kawaida humaanisha kwamba sauti imezimwa au haimo katika injini. Kiunzi cha Kiswahili chenye lafudhi ya kigeni huashiria kwamba injini imetumia sauti ya lugha nyingine. Kiunzi kikiwa safi na jina peke yake likaharibika, tatizo lipo katika data.

Dawa ya kosa hili la mwisho haimo katika simu. Jina la mahali katika OpenStreetMap huandikwa penye lebo ya `name`, na umbo la Kiswahili, likiwa tofauti, huongezwa penye `name:sw`:

```
name=Chang'ombe Road
name:sw=Barabara ya Chang'ombe
```

Programu huitafuta lebo ya pili iwapo lugha ya majina ya ramani ni Kiswahili; isipoikuta hurudia ya kwanza. Kwa kuwa majina ya lugha mbalimbali huhifadhiwa katika faili lile lile, kubadili lugha hakudai kupakua ramani upya. Kusahihisha jina kunadai: faili za OsmAnd hutolewa kila mwezi, na ramani iliyomo katika simu hubaki na ritifaa iliyokosekana hadi mwenyewe apakue toleo jipya.