A- ni nani? Ushuhuda uliomugeuza shoferi kuwa mukosefu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama munaotunza makaratasi ya mume ndani ya valizi, leo ninataka tusome pamoja sentensi tano tu. Ziliandikwa na kijana mumoja anayeongoza makamyo kwa bendera pale juu ya mteremko wa karieri. Aliona aksida kwa macho yake, na hakusema uongo hata kidogo. Lakini ushuhuda wake ulikaribia kumupotezea kazi mutu asiyekuwa na kosa.

Hivi ndivyo aliandika:

«Shoferi alikutana na makanika mbele ya kushuka karieri. Alimwambia kwamba freni yake haiko muzuri. Akamujibu kwamba aliisha kuiangalia jana, na walimupa ruhusa. Wakapanda wote wawili. Katikati ya mteremko ilikataa, akaruka.»

Ukisoma mbio, unaona kila kitu ni wazi. Mimi pia niliona hivyo mara ya kwanza. Kisha sekretere wa biro akaweka karatasi hiyo katika Kifaransa, na siku chache nyuma yake shoferi akapokea barua: amefukuzwa kwa fote lurde, maana yake kosa zito. Barua ilimupa makosa mawili. La kwanza, makanika alimuonya juu ya freni, naye akajibu kwamba ameiangalia mwenyewe, akashuka. La pili, aliruka na kumuacha makanika ndani ya kamyo. Makanika alivunjika mguu.

Shoferi akaja kwangu na barua mukononi. «Delege,» akasema, «ni mimi njo nilimuonya makanika. Na ni yeye njo aliruka. Mimi nilibaki na usukani mpaka kamyo ikagonga ukingo wa udongo.»

Tukachukua karatasi ya Kiswahili, tukaiweka juu ya meza. Nikamuambia tufanye sawa tunavyohesabu baruti: moja moja, kidole juu ya kila moja. Kila mahali ambapo kuna kineno kinachoonyesha mutu au kitu bila kukitaja jina, kidole kinasimama. Kisha tunauliza: huyu ni nani? Hii ni nini? Tunarudi nyuma katika karatasi na kuhesabu majina yanayoweza kujibu. Kama jibu ni jina moja tu, tunaendelea. Kama ni majina mawili, kuna hatari. Kama hakuna jina hata moja, hatari ni kubwa zaidi.

Kidole cha kwanza kilisimama juu ya «Alimwambia». Neno hili lina watu wawili ndani yake: a- aliyesema, na -m- aliyeambiwa. Nyuma yake tuna shoferi na makanika, na kila mumoja anaweza kuwa a-. Kuna wanaosema: chukua jina la karibu zaidi. La karibu ni makanika. Wengine wanasema: aliyeanza sentensi iliyopita anaendelea. Huyo ni shoferi. Unaona? Masharti mawili, yote yana maana, na kila moja linatupeleka kwa mutu wake. Kijana wa bendera alifuata la pili, juu kichwani mwake alikuwa anamufuata shoferi tangu mwanzo. Sekretere alifuata la kwanza. Na nadhani kuna jambo lingine: aliona ni kawaida makanika kumuambia shoferi habari ya freni, si shoferi kumuambia makanika. Pale karatasi inaponyamaza, musomaji anaijaza na mawazo yake mwenyewe.

Ukisha kukosea pale, yote yanayofuata yanageuka. «Akamujibu» inakuwa shoferi. «Aliisha kuiangalia» inakuwa shoferi. Kosa moja tu la a- limebadilisha watu wawili nafasi zao mpaka mwisho, na hakuna hata neno moja la karatasi lililoguswa.

Kidole cha pili: «freni yake». Ya nani? Ya shoferi, ya makanika, ao ya kamyo? Hapa madhara hayakuwa makubwa, kila mutu alielewa ni freni ya ile motoka. Tuliiacha. Si kila kineno cha namna hii kinahitaji kupigiwa kelele.

Kidole cha tatu njo kiliniumiza kichwa: «walimupa ruhusa». Wao ni nani? Rudi nyuma utafute: shoferi na makanika peke yao. Hawakujipa ruhusa wenyewe. Hapa hakuna jina hata moja. Katika masemi yetu ya kila siku hii si kosa. Tunasema «balimufukuza», «balimuiba simu», na hakuna anayeuliza hao ba- ni nani. Maana yake ni kwamba alifukuzwa, aliibiwa. Ni desturi ya luga yetu, na kwenye mazungumuzo ni muzuri, juu ukitaka kujua unauliza. Lakini karatasi haiulizwi. Na katika kazi ya mugodi, mutu aliyetoa ruhusa ya kamyo kushuka ni mutu wa maana sana. Wa- hiyo ilimuficha kabisa. Na ile -mu- pia: nani alipewa ruhusa, shoferi ao makanika?

Kidole cha nne: «ilikataa». Freni ilikataa? Motere ilikataa? Usukani? Hapa ninataka kusimama kidogo, juu Kiswahili kina dawa ambayo sisi wa Katanga tunaitupa. Katika Kiswahili bora kila kundi la majina lina alama yake: gari linakataa, kifaa kinakataa, breki inakataa, mutambo unakataa, magurudumu yanakataa. Alama hiyo inafanya kazi sawa namba ya kofia: ukiona «lilikataa», unajua si breki. Sisi mu masemi yetu tunaweka i- kwa karibu kila kitu, na bi- vikiwa vingi: kitu ile inakataa, gari ile inakataa, mutambo ile inakataa. Tunaelewana, sitaki mutu acheke masemi ya mama yake. Lakini saa ya kuandika, alama zote zikiwa i-, hakuna tena namba ya kofia. Na hata aliye na Kiswahili bora anaweza kukwama: breki, injini na motokari, zote zina i-. Pale hakuna dawa isipokuwa kutaja jina la kitu.

Kidole cha tano: «akaruka». Walipanda watu wawili. Aliruka mumoja. Nani?

Wengine wataniambia kwamba Kifaransa kingesaidia, juu kina neno la mwanaume na neno la mwanamuke. Hapana. Fundi, shoferi, kamyo na freni, vyote vinne mu Kifaransa ni vya kiume, na kineno kimoja kidogo kinavibeba vyote. Sekretere alipoandika kineno hicho mara sita katika aya moja, hata tulichokuwa nacho katika Kiswahili kilipotea: angalau a- yetu ilikuwa inaonyesha mutu na i- yetu ilikuwa inaonyesha kitu.

Hatukuwa na wakati mwingi. Kodi ya Kazi ya 2002, katika artikli ya 72, inamupa mwajiri siku 15 za kazi tangu ajue tendo ili aandike kwamba anavunja kontra kwa kosa zito. Ndiyo maana biro zinakimbia, na ushuhuda unaandikwa juu ya goti. Tuliomba kijana wa bendera asikilizwe tena mbele ya delege. Hatukumufundisha la kusema. Tulimuuliza tu, kidole juu ya neno: hapa ni nani? Akajibu bila kusita. Karatasi ya pili ikatoka hivi:

«Shoferi alikutana na makanika mbele ya kushuka karieri. Shoferi alimwambia makanika: ‹Freni ya kamyo haiko muzuri.› Makanika akamujibu shoferi: ‹Niliisha kuiangalia jana.› Shefu wa posti ya usiku akamupa shoferi ruhusa ya kushuka. Shoferi na makanika wakapanda. Katikati ya mteremko freni ilikataa. Makanika akaruka. Shoferi akabaki ndani.»

Si maandishi matamu, ninakubali. Neno shoferi linarudi sawa nyundo. Lakini angalia mambo mawili yaliyofanywa. Jina limerudishwa pale tu palipokuwa na watu wawili. «Niliisha kuiangalia» imebaki na -i- yake, juu freni imetajwa karibu na hakuna kitu kingine cha kuichanganya. Na maneno ya watu yamewekwa sawa walivyoyasema, na «ni-» yao. Njia hii ninaipenda kuliko zote. Ukiandika «alimwambia kwamba amekosa», hatujui aliyekosa ni musemaji ao musikilizaji. Ukiandika ‹nimekosa› ao ‹umekosa›, mambo yamekwisha.

Shoferi alirudi kazini. Makanika naye hatukumuangusha. Mguu wake ulivunjika akiruka, na hilo halikumuondolea haki ya kutunzwa. Lakini habari ya ruhusa haikwenda mbali. Karatasi ya kwanza ilikuwa imesema «walimupa», na shefu wa posti alikuwa na jibu rahisi: mbona siku ile hamukutaja jina langu?

Mama wa nyumba, kuna moja inayowahusu zaidi. Mujane mumoja alikuja na mukanda aliokuwa amepewa na muandishi wa mutaa, wa kuomba haki za marehemu. Ndani yake ilisemwa: «Mama alikuja na shemeji yake, akasema watoto watatu ni wake.» A- yetu haisemi mwanaume wala mwanamuke. Shemeji naye anaweza kuwa mwanaume, anaweza kuwa mwanamuke. Nani alisema? Na watoto ni wa nani: wa mujane, wa shemeji, ao wa marehemu, ambaye njo alipashwa kutajwa na hakutajwa hata mara moja katika sentensi nzima? Anayeweka hiyo katika Kifaransa atalazimishwa kuchagua, na atachagua kwa kubahatisha. Nilifuta mustari, tukaandika upya: «Mujane anasema kwamba watoto watatu ni wa marehemu na wa mujane mwenyewe.» Kisha tukaandika majina ya watoto wote watatu, mumoja kwa mustari wake, na tarehe ya kuzaliwa. Akaniuliza kama haitakuwa mukanda murefu sana. Ulikuwa umezidi kwa mistari mine.