Gauni Lililopunguzwa na Printa

Gauni limeshonwa vizuri, mishono imenyooka na zipu imekaa mahali pake, lakini halifungi. Fundi anarudi kwenye daftari lake: kifua cha mteja ni inchi 36. Patani aliyoinunua mtandaoni kwa mbunifu wa Marekani inasema gauni la saizi hiyo likikamilika litakuwa na inchi 38 kifuani, ili mwenye kulivaa apate inchi mbili za kupumulia. Anapitisha tepu kwenye gauni lenyewe na kupata inchi 35 na nusu. Ni dogo kuliko mwili wa mteja. Kitambaa hakijafuliwa hata mara moja, kwa hiyo hakijapata nafasi ya kusinyaa. Patani ndiyo iliyosinyaa, na ilisinyaa steshenari, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Tuufuate mfano huu mwanzo hadi mwisho, maana ndani yake mna karibu kila kitu kinachofanya karatasi itoke tofauti na kilichoonekana kwenye kompyuta.

Patani za kuuzwa mtandaoni huja kama faili la PDF lenye kurasa nyingi, pengine 30 au zaidi kwa gauni moja. Kila ukurasa umebeba kipande cha mchoro mkubwa. Mnunuzi anaziprinti zote, anazipanga sakafuni kwa kufuata namba, anazibandika kwa selotepu, kisha anakata. Mchoro huo umechorwa kwa kipimo kamili: mstari wa sentimita 40 ndani ya faili unapaswa kuwa sentimita 40 kwenye karatasi. Faili lenyewe linatunza kipimo cha kila ukurasa. Kioo cha kompyuta hakina habari hiyo ya kumwonyesha mtazamaji, kwa sababu mchoro huohuo unaweza kuvutwa ukajaa kioo au kubanwa ukawa mdogo kama stempu, na faili lisibadilike hata chembe.

Mbunifu wetu wa Marekani ameziandaa kurasa zake kwa karatasi inayotumika kwao, inayoitwa Letter. Upana wake ni inchi 8.5, yaani milimita 215.9, na urefu inchi 11, yaani milimita 279.4. Karatasi hiyo hutumika pia Kanada, Meksiko na Ufilipino. Rimu iliyo kwenye printa ya steshenari ya Dar es Salaam au Mombasa ni ya A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297, kipimo kilichoanzia Ujerumani mwaka 1922 na ambacho sehemu kubwa ya dunia inakifuata. Mtu akizishika karatasi hizo mbili moja moja anaweza asione tofauti. Akizipandanisha ataona kwamba Letter imezidi kwa upana karibu milimita 6, na A4 imezidi kwa urefu karibu milimita 18. Ukurasa wa Letter, basi, hauenei kwenye upana wa A4.

Jambo la pili ni printa yenyewe. Printa nyingi haziwezi kuweka wino hadi ukingoni kabisa mwa karatasi. Roli zinahitaji mahali pa kuishikia, na wino ukimwagwa pembeni kabisa huchafua sehemu za ndani za mashine. Printa nyingi za leza huacha ukanda wa milimita 4 hivi kila upande bila kuuchapa. Kwenye A4 ya milimita 210, upana unaoweza kuchapwa unabaki takribani milimita 201 na nusu.

Hapa ndipo programu inapolazimika kuchagua. Ina ukurasa wa milimita 215.9 na uwanja wa milimita 201.5. Njia ya kwanza ni kuubana ukurasa mzima mpaka uenee. Katika Adobe Acrobat Reader njia hiyo inaitwa `Fit`. Ukigawanya 201.5 kwa 215.9 unapata karibu asilimia 93, na kila mstari wa patani unashuka kwa kiwango hicho. Inchi 38 za kifua zinakuwa 35 na nusu. Nyonga za inchi 42 zinakuwa 39. Chaguo la `Shrink oversized pages`, ambalo maana yake ni kubana kurasa zilizozidi karatasi, lingezaa matatizo yaleyale, kwa kuwa ukurasa wa Letter umeizidi A4 kwa upana.

Kinachomponza fundi ni kwamba kosa hili halijitangazi. Kurasa zote zimebanwa kwa kiwango kimoja, kwa hiyo alama za kuunganishia zinakutana sawasawa, mistari inaendelea kutoka karatasi hadi karatasi, na patani iliyobandikwa inapendeza sakafuni. Mkono wa gauni nao unaingia kwenye kwapa lake bila shida, kwa sababu vyote viwili vimepungua pamoja. Gauni zima linatoka kamili, ila ni la mtu mwingine mwembamba zaidi.

Njia ya pili ni `Actual size`, ukubwa halisi. Programu haibani chochote: inauweka ukurasa katikati ya karatasi na kuacha kinachozidi kipotee. Wengi huiogopa kwa sababu ya neno hilo, kupotea, hasa wakiona kwenye picha ya onyesho kwamba kingo zimekatwa. Lakini inafaa kuhesabu kinachokatwa. Ukurasa wa Letter ukiwekwa katikati ya A4 unapoteza karibu milimita 3 kila upande kwa kuwa karatasi ni nyembamba, na milimita 4 nyingine kwa sababu ya ukanda ambao printa haiuchapi. Jumla ni milimita 7 hivi. Mbunifu aliyeacha nusu inchi ya weupe pembeni, yaani karibu milimita 13, hapotezi hata mstari mmoja. Kilichokatwa ni karatasi tupu. Wabunifu wenye uzoefu hubana mchoro wao kwenye kisanduku kinachoenea Letter na A4 zote mbili, wakijua kwamba wateja wao wako pande zote za dunia. Ikiwa fremu inayozunguka mchoro imetoka kamili pande zote nne, hakuna kilichopotea. Ikiwa upande mmoja wa fremu haupo, ndipo kuna kipande cha patani kilichoachwa nje.

Hata patani iliyoandaliwa kwa A4 na kuprintiwa kwenye A4 haiko salama. `Fit` hupima uwanja unaochapika, haipimi karatasi nzima, kwa hiyo milimita 210 zinabanwa ziwe 201.5. Hiyo ni asilimia 96. Gauni la inchi 38 linatoka na 36 na nusu, na mteja wa inchi 36 atalivaa lakini hataweza kunyoosha mikono.

Namna ya kujua ni rahisi, na sehemu yake inaonekana kabla ya kuprinti. Dirisha la kuprinti la Acrobat Reader huandika juu ya picha ya onyesho kiwango cha kubana, kwa mfano `Scale: 93%`, pamoja na kipimo cha ukurasa wa faili. Kiwango kikiwa chochote kisichokuwa 100, kuna kitu kimebadilishwa. Katika Chrome mahali pa kutazama ni `Scale`, ambapo mtu huchagua `Custom` na kuandika 100. Kuna pia `Actual Size` nyingine, iliyo kwenye menyu ya kukuza na kupunguza mwonekano. Hiyo hugusa kioo peke yake na haibadilishi chochote kwenye karatasi.

Ushahidi wa mwisho ni rula. Karibu kila patani ya mtandaoni ina mraba wa majaribio, mara nyingi wa inchi moja, sentimita 5 au sentimita 10. Mraba mkubwa hutoa jibu bora. Kwa asilimia 97, mraba wa inchi moja hupungua chini ya milimita moja, kiasi ambacho jicho hukisamehe, ilhali mraba wa sentimita 10 hupungua milimita 3 zinazoonekana wazi. Upimwe kwa mlalo na kwa wima. Tofauti ya nusu milimita kwenye sentimita 10 inavumilika, kwani karatasi yenyewe hubadilika kidogo inapopita kwenye joto la printa ya leza. Milimita 4 au 7 hazivumiliki.

Steshenari ina mitego yake. Mteja akimtumia mhudumu picha za kurasa badala ya faili, vipimo vimekwisha kupotea, kwa sababu picha haihifadhi sentimita za patani. Mhudumu akiibandika picha hiyo kwenye Word, programu huibana ienee kati ya pambizo. Kwenye A4 yenye pambizo za kawaida za sentimita 2.54, zinabaki sentimita 16 tu za maandishi, na ukurasa wa upana wa sentimita 21 hushuka hadi asilimia 76. Kuprinti moja kwa moja kutoka kwenye simu nako mara nyingi hakumpi mtu nafasi ya kuchagua asilimia 100. Na anayechagua kuprinti bila pambizo kwenye printa ya picha, akidhani amepata ukubwa halisi, kwa kawaida anapata kinyume: printa hizo huikuza picha kidogo ili wino uvuke ukingo, na patani inatoka kubwa kuliko ilivyochorwa.

`Fit` ina kazi yake. Barua, risiti, tiketi ya basi au fomu ya maombi inatakiwa isomeke yote, na hakuna atakayeipima kwa rula; kuibana kwa asilimia 4 hakumdhuru mtu, ilhali kukata namba ya risiti kunamdhuru. Jedwali la Excel ambalo safu yake ya mwisho, pengine ile ya jumla, inaruka na kutoka peke yake kwenye karatasi ya pili, huponywa kwa `Fit All Columns on One Page`. Likiwa na safu nyingi, karatasi ilazwe kwanza, la sivyo herufi zitakuwa ndogo hata zisisomeke.

Kwa fundi mwenye patani mkononi, hakuna haja ya kulipia kurasa 30 ili kujua kama printa inasema kweli. Atafute ukurasa wenye mraba wa majaribio, aandike namba yake peke yake kwenye sehemu ya `Pages`, achague `Actual size`, kisha apime palepale kaunta. Mraba ukiwa sawa, kurasa nyingine zitoke kwenye printa hiyohiyo kwa mipangilio hiyohiyo. Ukiwa umepungua ilhali Acrobat Reader inaonyesha 100, basi kuna ubanaji mwingine uliowekwa kwenye mipangilio ya printa yenyewe, na mhudumu aufungue auondoe kabla ya karatasi ya pili kutoka.